Mwongozo wa kupokea barua masjala: andika pale mkono wa mgeni utakaposita

Assalam alaikum. Mimi ni karani wa masjala katika ofisi moja ya wizara hapa Chake Chake. Mwezi ujao nahamia Unguja, na nafasi yangu anakuja kijana ambaye hajawahi kufanya kazi ya masjala. Afisa Mdhamini, mkuu wa ofisi yetu, ameniagiza nimwandikie mwongozo wa kupokea barua zinazoingia. Nimeandika kurasa kumi na moja. Mwenzangu wa uhasibu kazisoma, akaniambia hata yeye hajui aanzie wapi. Nipunguze nini, na nitajuaje kama kijana ataweza kuufuata?

Waalaikum salaam, dada yangu. Ziweke hizo kurasa pembeni kwa siku chache, ila usizitupe, tutazihitaji mwishoni. Anza upya na sentensi mbili tu, moja ya kusema kazi inaanzia wapi na nyingine inaishia wapi. Kwa masjala kama yako mimi ningeandika hivi: "Kazi inaanza tarishi anapokukabidhi bahasha. Kazi imekwisha afisa anaposaini kupokea jalada lenye barua hiyo." Jambo lisilotokea kati ya nyakati hizo mbili halimo katika mwongozo huu. Kutuma barua, kufunga majalada ya zamani na kumtolea mtu nakala ni kazi nyingine, na kila moja itakuwa na karatasi yake siku ikihitajika. Ukishaiwekea kazi mipaka namna hii, utaona sehemu kubwa ya ulichoandika haina pa kukaa.

Kinachobaki usikiandike kwa kukumbuka. Aliyeizoea kazi hukumbuka hatua kubwa akasahau ndogo, kwa kuwa zile ndogo anazifanya bila kuziwaza. Siku furushi la barua za Unguja litakapofika, weka karatasi kando yako na uandike palepale unapofanya. Kila mkono unapogusa kitu, andika mstari mmoja. Na kila unapotazama kitu ukaamua jambo, hata kama hukugusa chochote, andika mstari na uutie nyota. Mistari yenye nyota ndiyo itakayohitaji maneno mengi zaidi. Kupiga muhuri kijana atakuweza baada ya kuonyeshwa mara moja, lakini kuijua bahasha ambayo hairuhusiwi kufunguliwa hakuji kwa kutazama tu.

Tuchukue mfano. Tarishi ametoka bandarini Mkoani na bahasha nne. Anakupa daftari lake la kukabidhi barua, unasaini, anaondoka. Ukiulizwa umefanya nini utasema "nimepokea barua". Lakini kabla ya kusaini, macho yako yameshahesabu kama bahasha zilizo mkononi ni sawa na zilizoandikwa daftarini, yameshakagua kama ipo iliyofunguka njiani, na yameshaona ipi imepigwa muhuri wa SIRI. Kijana hajui kama hayo ni sehemu ya kazi. Atasainia nne naye amepewa tatu, na baada ya wiki mbili watauliza kutoka Unguja kwa nini barua yao haijajibiwa, huku saini ya masjala yenu ikishuhudia kuwa ilifika. Hapo una nyota tatu ndani ya tendo moja, na zote tatu ziandikwe.

Baada ya hapo panga onyo lije kabla ya tendo linalohusika. Hili nalisisitiza kwa sababu miongozo mingi hukusanya tahadhari zote kwenye ukurasa wa mwisho, chini ya kichwa kama "Mambo ya kuzingatia". Msomaji mgeni hasomi mpaka mwisho ndipo aanze kazi. Anasoma mstari, anafanya, anasoma mwingine. Kama onyo la bahasha ya SIRI liko ukurasa wa tatu na "fungua bahasha" iko ukurasa wa kwanza, atakapolifikia onyo bahasha imeshachanwa.

Masjala ina bahasha za aina tatu ambazo lazima zitengwe kabla kisu hakijashikwa. Ya kwanza ni ya SIRI. Kwa kawaida huja bahasha ndani ya bahasha. Ya nje unaifungua, ya ndani huigusi, unasajili tu imetoka wapi na namba iliyo juu yake, kisha unaipeleka mkononi kwa anayestahiki kuifungua. Ya pili ni ya zabuni. Hii hukaa imefungwa mpaka siku na saa ya ufunguzi, mbele ya kamati. Karani huandika juu yake tarehe na saa iliyofika, kwa sababu iliyochelewa hata kwa dakika chache haipokelewi sawa na iliyowahi, halafu huikabidhi au huitia kwenye sanduku la zabuni. Naijua ofisi moja ambapo karani mpya aliifungua bahasha ya zabuni akiichanganya na barua za kawaida. Hakuwa na nia mbaya, lakini mzabuni alikuwa na haki ya kuuliza nani ameziona bei zake, na shughuli yote ikasimama. Ya tatu ni bahasha yenye jina la mtu bila cheo chake. Hiyo ni barua yake binafsi, mpe mwenyewe ikiwa imefungwa. Akikuta ni ya ofisi atairudisha masjala isajiliwe.

Sasa uandishi wenyewe. Upande wa kwanza wa karatasi uwe na njia ya kawaida tu, yaani barua isiyo na tatizo lolote. Njia za pembeni, yaani za bahasha zilizotengwa na barua zenye tatizo, ziende upande wa pili. Mimi ningeiandika hivi, nawe ubadilishe kulingana na masjala yenu ilivyo:

1. Hesabu bahasha mbele ya tarishi na ukague kama ipo iliyofunguka. Idadi ikilingana na daftari lake, saini na uandike saa. Isipolingana, andika idadi uliyoipokea kando ya saini yako na umwite mkuu wa masjala kabla tarishi hajaondoka.
2. Kabla ya kufungua chochote, tenga bahasha zenye neno SIRI, zenye neno ZABUNI, na zenye jina la mtu bila cheo. Kwa hizo geuza karatasi hii.
3. Fungua zilizobaki, moja baada ya nyingine. Chungulia ndani ya kila bahasha uone kama kuna kilichobaki.
4. Piga muhuri wa IMEPOKELEWA chini ya barua, mahali pasipo na maandishi. Tarehe ya muhuri ni ya leo, hata kama barua imeandikwa wiki iliyopita.
5. Soma mwisho wa barua uone imetaja viambatisho vingapi. Hesabu ulivyonavyo. Vikipungua, geuza karatasi.
6. Jaza mstari mmoja wa daftari la barua zinazoingia: namba inayofuata, tarehe ya leo, tarehe ya barua, Kumb. Na., mtumaji, kichwa cha barua, na tarehe ya mwisho ya kujibu kama imetajwa.
7. Tafuta jalada kwa kutumia jedwali lililo chini ya ukurasa huu. Barua isipolingana na jedwali, simama, muulize mkuu wa masjala. Usifungue jalada jipya peke yako.
8. Tia barua ndani ya jalada, juu ya barua ya mwisho. Andika namba ya folio inayofuata, yaani namba ya mfululizo ya barua katika jalada hilo, kwenye kona ya juu kulia, kisha iandike namba hiyo kwenye mstari wa barua hiyo daftarini.
9. Andika jalada katika daftari la mwendo wa majalada, lipeleke kwa afisa, asaini mbele yako.

Kama kwenu barua hupita kwanza kwa Afisa Mdhamini ili aandike nani aishughulikie, hatua hiyo iingie kati ya 6 na 7, na useme barua inarudi vipi masjala. Barua nyingi zinazopotea maofisini hupotelea hapo hapo: zimesajiliwa, zimepelekwa mezani kwa mkubwa, na hakuna aliyeandikiwa azifuate.

Angalia jinsi hatua hizo zilivyoandikwa. Kila moja inamwamuru mtu mmoja, yaani aliyeishika karatasi. Sisi tuliokulia kwenye barua za serikali tumezoea "barua itasajiliwa", "jalada litapelekwa". Kwenye waraka hayo yanafaa, lakini kwenye mwongozo kijana atakaa amsubiri huyo atakayesajili. Pia kila hatua huacha alama inayoonekana, iwe saini, muhuri, mstari daftarini au namba ya folio. Kwa hiyo akiitwa kwenye simu katikati ya kazi akarudi baada ya nusu saa, anaitazama barua na kujua alikomea wapi.

Ukimaliza rasimu yako pitia kila penye "hakikisha", "ipasavyo", "haraka" au "kama inavyostahili". Maneno hayo yanamwachia msomaji kazi ambayo ilikuwa yako. "Hakikisha barua imekamilika" haina maana kwa asiyejua barua kamili ikoje. "Hesabu viambatisho, linganisha na idadi iliyotajwa" anaweza kuifanya mtu yeyote. "Barua za haraka zipelekwe haraka" geuza iwe: "Barua yenye tarehe ya kujibu iliyo ndani ya siku tatu, ipeleke mkononi kabla ya saa nne asubuhi, ikifika baada ya saa nne, ipeleke mara tu ukishaisajili." Hizo siku tatu na saa nne nimezitaja kwa mfano. Kaa na Afisa Mdhamini akwambie mnataka nini hasa, maana hilo ni uamuzi wake yeye.

Sababu za mambo ziandike kwa uchache, na mahali pamoja tu: pale ambapo mgeni atashawishika kuruka hatua. Hatua ya 4 ni mfano. Barua imeandikwa Unguja tarehe 3, imefika Chake Chake tarehe 10, na inataka jibu kabla ya tarehe 12. Kijana mwenye nia njema anaweza kuona ni vyema muhuri usomeke tarehe 3 ili barua na muhuri zilingane. Muhuri ukisoma tarehe 3, ofisi yenu itaonekana imeikalia barua siku saba. Sentensi moja ya kumweleza hivyo inatosha. Lakini kwa nini folio huandikwa juu kulia na si kushoto, hilo halihitaji maelezo, aandike tu.

Sasa hatua ya 7, ambayo ndiyo ngumu kuliko zote na ndiyo itakayokula muda wako mwingi. Kuchagua jalada ni ujuzi, na mgeni asiye nao hutafuta alama rahisi: anatazama nembo iliyo juu ya barua. Barua imetoka skuli fulani, basi anaitia kwenye jalada lolote lenye jina la skuli. Baada ya miezi mitatu jalada moja lina maombi ya likizo, malalamiko ya maji na mwaliko wa mahafali, na afisa anayetafuta habari za maji hazipati popote. Kanuni ya kumwandikia ni kwamba jalada linafuata jambo, halifuati mtumaji. Jambo hulipata kwenye mstari wa YAH au KUH, kisha asome aya ya mwisho aone ofisi inaombwa ifanye nini. Mstari wa kichwa na ombi vikigongana, afuate ombi.

Chukua barua yenye kichwa "Taarifa ya skuli". Kichwa hakisemi kitu. Ndani inaeleza mitihani imekwenda vizuri, inagusia kuwa walimu wawili wamerudi masomoni, na aya ya mwisho inaomba fundi aje atazame paa linalovuja kabla ya masika. Kinachoombwa ni matengenezo, basi barua asilia inakwenda jalada la matengenezo ya majengo. Kama habari ya wale walimu inamhusu afisa utumishi, toa nakala moja iingie jalada la utumishi, na kwenye nakala hiyo iandikwe asilia ipo jalada gani, folio ya ngapi. Andika mfano kama huu upande wa pili wa karatasi, kwa barua ya kweli kutoka masjala yenu ambayo si ya siri. Mfano mmoja wa kweli utamfundisha kuliko aya tatu za kanuni.

Jedwali lenyewe usilifanye orodha ya majalada yote. Orodha kamili mnayo tayari kwenye faharasa ya majalada. Fungua daftari la barua zinazoingia la miezi mitatu iliyopita, upige alama kila jalada lilipotajwa. Utakuta majalada machache yanabeba sehemu kubwa ya barua. Hayo ndiyo ya kuweka kwenye jedwali, kwa safu tatu: jambo kwa maneno ya kawaida, namba ya jalada, na cheo cha afisa anayelishughulikia. Nimesema cheo makusudi. Ukiandika "mpelekee Bi fulani", siku Bi fulani akihamishwa, kama unavyohamishwa wewe, karatasi imeshakufa.

Kuhusu kujua kama ataufuata, hilo hulijui kwa kumuuliza "umefahamu?". Atasema ndiyo, kwa heshima. Utalijua kwa kumtazama akifanya. Usisubiri hata aripoti. Chukua mtu yeyote asiyejua masjala, hata huyo mwenzako wa uhasibu, umtengenezee bahasha tano za kujaribia. Moja iwe barua ya kawaida kabisa. Ya pili iwe na bahasha ya SIRI ndani yake. Ya tatu iseme ina viambatisho viwili, nawe utie kimoja. Ya nne iwe na jambo ambalo halimo kwenye jedwali. Ya tano iwe na tarehe ya kujibu kesho kutwa, iliyofichika katikati ya aya. Tumia daftari tupu na majalada ya mfano, usichezee ya kweli. Mpe karatasi yako, kaa kando, na usiseme neno.

Kunyamaza ni kugumu. Utamwona ameshika barua anageuza kichwa kukutazama, na ulimi utakuwasha. Usimjibu. Andika namba ya hatua aliyosimama na swali aliloliuliza, kisha mwambie afanye anavyoona. Kila swali lake ni sentensi iliyokosekana kwenye karatasi. Lakini kinachotakiwa kukushughulisha zaidi ni pale alipokosea bila kuuliza, kwa kujiamini kabisa. Hapo sentensi ipo na imemwelekeza vibaya, na kijana wako naye atakosea hivyo hivyo bila mtu kujua. Bahasha ya tano huwa inawanasa wengi: wanasajili kila kitu sawasawa na safu ya tarehe ya kujibu wanaiacha wazi, kwa sababu walisoma kichwa na mwisho tu. Ukiliona hilo, ongeza katika hatua ya 6: "Soma barua yote kabla ya kujaza safu ya tarehe ya kujibu. Isipokuwepo tarehe, andika HAKUNA, usiache wazi." Lile neno HAKUNA linathibitisha kwamba mtu alisoma.

Rekebisha, kisha jaribu tena kwa mtu mwingine, maana wa kwanza ameshaijua njia. Mtu wa pili akizimaliza bahasha tano bila kukosea, na pale alipouliza ikawa ni pale ulipomwambia asimame aulize, karatasi imeiva. Haitamfanya kijana kuwa mzoefu. Barua ya ajabu ambayo hata wewe hujapata kuiona itakuja tu, na ndiyo maana kila njia ya pembeni inaishia kwa cheo cha mtu wa kuulizwa.

Mpelekee Afisa Mdhamini aisaini. Chini ya karatasi weka tarehe ilipoanza kutumika, namba ya toleo, na cheo cha mwenye jukumu la kuibadilisha, ambaye kwa kawaida atakuwa mkuu wa masjala. Toleo jipya likitoka, la zamani litolewe mezani siku hiyo hiyo, kwa sababu karatasi mbili zinazopingana humfanya mgeni achague iliyo rahisi. Weka nakala moja tu mahali pa kazi, karibu na muhuri, na nyingine katika jalada la masjala.

Na zile kurasa kumi na moja, zisome mara moja zaidi ukiwa na karatasi mpya mkononi. Kila jambo linalojibu "kwa nini" au linaloeleza historia ya majalada yenu, liache kama lilivyo, ulipe kichwa cha "Maelezo ya masjala" na umwachie kijana asome wiki ya pili, akishapokea barua za kutosha kuelewa unazungumzia nini. Kila jambo linalosema "fanya hivi" ambalo halimo kwenye karatasi mpya, jiulize ni kazi ya kati ya zile nyakati mbili, ya kukabidhiwa bahasha na ya afisa kusaini, au ni kazi nyingine. Kama ni ya kati, ulilisahau, litie sasa. Kama ni kazi nyingine, mwandikie mkuu wa masjala orodha ya kazi hizo kabla hujapanda boti, ajue zipi bado hazina mwongozo.